Mhudumu Akiuliza

Katika hoteli za Kibwezi menyu haisomwi, inasemwa. Ukishaketi na kunawa mikono, mhudumu husimama kando ya meza na kuitoa yote kwa pumzi moja: kuna mbuzi choma, mbuzi wa kuchemsha, kuku wa kienyeji, ndengu, maharagwe, muthokoi, chapati, ugali, wali. Ukimwuliza nyama ya leo ikoje, atakuambia. Akikuona una umri wa mamake atakuita mwaitu, akunong'oneze kwamba choma bado haijaiva, heri uchukue ya kuchemsha. Dereva wa lori anayeelekea Malaba, mkulima aliyeteremsha magunia yake ya ndengu sokoni, abiria aliyeshuka kwenye treni ya mchana, wote huagiza hivyo: kwa kusikia, kuuliza na kujibu.

Watoto waliokulia karibu na hoteli hizo wanapokuja darasani kujifunza namna ya kuagiza chakula kwa Kifaransa, sisi walimu tunawapa orodha. Kifaransa ni somo la hiari katika shule zetu za sekondari, namba 501 katika mtihani wa KCSE, na sehemu moja ya mtihani huo ni ya mazungumzo ana kwa ana. Mada ya mkahawani hupendwa sana. Mwanafunzi hukariri majina ya vyakula, hukariri "je voudrais", hukariri "s'il vous plaît", na siku ya mazoezi huagiza chakula kizima bila kukwama. Kisha mimi, niliyekaa mahali pa mhudumu, namuuliza swali dogo tu ambalo mhudumu yeyote wa Lyon au Bujumbura angeuliza. Kimya. Anarudia agizo lake kwa sauti ya juu zaidi.

Nimefikia kuamini kwamba kosa liko katika mpangilio wa somo lenyewe. Tumemfundisha mtoto nusu ya mazungumzo, tena ile nusu nyepesi. Agizo unaweza kulitunga nyumbani, hata ukalionyesha kwa kidole. Maswali ya mhudumu huwezi kuyatunga wewe. Yanakuja kwa haraka, yamefupishwa, na kila moja linataka jibu lake. Heri kwake ni kwamba si mengi, na hufuatana kwa utaratibu ule ule karibu kila mahali.

La kwanza ni salamu. Nchini Ufaransa mtu hasemi lolote mkahawani kabla ya "Bonjour, madame" au "Bonjour, monsieur", na jioni "Bonsoir". Anayeingia na kutaja chakula moja kwa moja, hata akiongeza "s'il vous plaît" mwishoni, amekwisha kuonekana mtovu wa adabu, na huduma atakayopata itamwonyesha hivyo. Hapa Ukambani hakuna haja ya kumweleza mtu jambo hili mara mbili, maana hakuna anayeanza shughuli kabla ya kujuliana hali. Ajabu ni kwamba mwanafunzi yule yule anayenisalimia vizuri njiani huiruka salamu darasani, kwa kudhani alama zote ziko kwenye vitenzi. Na lile neno "garçon" ambalo filamu za zamani zilitufundisha kumwitia mhudumu, liachwe kabisa. Siku hizi ni kama kumwita mtu mzima "wewe kijana". Husemwa "Excusez-moi, monsieur", na daima kwa "vous", kamwe si kwa "tu".

Baada ya salamu mhudumu huuliza "Vous êtes combien?", yaani mko wangapi, na pengine "Vous avez réservé?", mmeweka nafasi? Jibu la kwanza ni fupi: "Nous sommes deux." Mkishaketi, hapo ndipo neno la kwanza la kukanganya linapotokea. Kwetu menyu ni ile karatasi yenye orodha ya vyakula. Huko karatasi hiyo ni "la carte". Ukiomba "le menu" unaweza kueleweka kuwa unataka mlo kamili wa bei moja, wenye kitangulizi, chakula kikuu na kitindamlo, vilivyopangwa na mpishi. Mara nyingi mlo huo ndio nafuu, hasa mchana, na ukikatwa ukabaki sahani mbili huitwa "formule". Kitangulizi ndicho "entrée". Chakula kikuu ni "plat", na "plat du jour" ni kile alichopika mpishi leo, kilichoandikwa kwa chaki ubaoni. Ningemshauri mgeni yeyote aanzie hapo. Kinapikwa kwa wingi, hutoka mapema, na mhudumu huweza kukieleza.

Kisha anarudi na kuuliza "Vous avez choisi?" Kama bado, "Pas encore, s'il vous plaît" yatosha, naye ataondoka bila kinyongo. Kama tayari, "je voudrais", zhe vudre, ni sahihi na ya heshima, ila wenyewe husema zaidi "je vais prendre", nitachukua. Kinachokatazwa ni "je veux". Sarufi yake haina kasoro, lakini mezani husikika kama amri ya mtoto aliyeharibiwa na wazazi.

Sasa tusome pamoja mstari mmoja wa "carte", maana hapa ndipo mtu wa Kibwezi anapoweza kupotea akiwa na uhakika kamili. Mstari unasema: "Salade de chèvre chaud au miel". Mwanafunzi wangu anajua maneno yote. "Chèvre" ni mbuzi. "Chaud" ni moto. "Miel" ni asali. Ametoka katika nchi ya mbuzi, na mji wenyewe unajulikana kwa asali yake tangu zamani, mizinga ikining'inia kwenye miti hadi kuelekea vilima vya Chyulu. Mate yanamjaa. Anaagiza, na baada ya dakika kumi analetewa majani ya saladi, na juu yake vipande vya mkate uliokaushwa, kila kipande kimebeba duara la kitu cheupe kilicholainika kwa moto na kumwagiwa asali. Hakuna nyama hata chembe. Ni jibini ya maziwa ya mbuzi, yenye ukali kidogo na harufu ambayo asiyeizoea huiona kama ya beberu.

Mpishi hakumdanganya. Maandishi yalikuwa yamemwambia, tena katika sehemu tatu. Kwanza, chakula kiliandikwa chini ya "Entrées", na nyama ya kushibisha haikai huko. Pili, hakuna kiungo kilichotajwa. Nyama kwenye "carte" ya Kifaransa mara nyingi huja na sehemu ya mwili wake: "gigot" ni paja, "épaule" ni bega, "côtelettes" ni mbavu. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kwa sababu sarufi inakuja kumwokoa mtu njaa inapouma: mbuzi mnyama ni wa jinsia ya kike, "la chèvre", lakini jibini yake ni ya kiume, "le chèvre". Angekuwa mnyama, kivumishi kingeandikwa "chaude". Kimeandikwa "chaud", bila herufi ile ya mwisho. Nimeona wanafunzi waliochoshwa na jinsia za nomino kwa miaka mitatu wakiinua vichwa vyao kwa mara ya kwanza walipoona kwamba "e" moja yaweza kutenganisha nyama na jibini. Anayetaka nyama hasa atafute "chevreau", mwanambuzi, ambaye katika mikahawa ya kawaida ya Ufaransa hapatikani mara nyingi, au "cabri", kama waandikavyo wapishi wa kisiwa cha Réunion kwenye mchuzi wao wa bizari.

Lakini hata ishara hizo tatu zisingehitajika kama mwanafunzi angekuwa na sentensi moja mdomoni: "Excusez-moi, le chèvre chaud, qu'est-ce que c'est?" Samahani, hiki ni kitu gani? Hutamkwa kes ke se. Mhudumu atajibu "C'est du fromage", ni jibini, na neno "fromage" amelisoma tangu kidato cha kwanza. Sentensi hiyo nafundisha sasa kabla ya jina la chakula chochote. Hapa kwetu kuuliza nyama ikoje ni sehemu ya kuagiza. Mfaransa naye haoni aibu kuuliza, na mhudumu wake huhesabu kueleza chakula kuwa ndiyo kazi yake. Anayeona aibu ni mwanafunzi peke yake, kwa kuwa darasani tulimfanya aamini kwamba kuuliza ni kukiri hukusoma.

Ndugu wa pwani watanisamehe nikikaa kidogo kwenye jambo linalowahusu zaidi wao kuliko Wakamba wengi. Nyama ya nguruwe hujificha. Sahani ya "petit salé aux lentilles" ukiitazama kwa mbali utasema ni ndengu, na dengu kweli zimo, lakini "petit salé" ni nguruwe wa kutiwa chumvi. "Lardons" ni vipande vidogo vya nguruwe vinavyorushwa juu ya saladi na ndani ya "quiche", na kwenye "carte" huenda visitajwe. Kusoma peke yake hakutoshi. Sema: "Je ne mange pas de porc", sili nguruwe, kisha uulize "Il y a du porc dedans?", kuna nguruwe ndani? Kwa divai iliyopikiwa mchuzi, uliza "C'est cuisiné avec du vin?" Na mwenye mwili unaokataa karanga au samaki asiogope kuuliza, kwani tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inaulazimu mkahawa kumjulisha mteja kuhusu vyakula 14 vinavyosababisha mzio.

Swali linalowanyamazisha wengi kuliko yote ni la maneno mawili: "Quelle cuisson?" Linasikika kel kwison, nalo huja hasa unapoagiza nyama ya ng'ombe ya kukaangwa, "steak", "entrecôte" au "pavé". Mhudumu anauliza nyama yako iive kiasi gani. Kwetu nyama ina hali mbili, imeiva au haijaiva, na ya pili hurudishwa jikoni. Mfaransa ana ngazi nne. "Bleu" imeguswa na moto nje tu, ndani ni mbichi. "Saignant", senyan, ni nyekundu na ukiikata hutoa maji mekundu. "À point", a pwan, ndiyo inayopoteza wageni: kwa maana ya neno mtu hudhani imeiva sawasawa, lakini sahani ikifika katikati bado ni ya waridi, wakati mwingine imekaribia nyekundu. Aliyezoea choma ya barabara ya Mombasa aseme "bien cuit, s'il vous plaît", byen kwi. Wapishi wengine hawapendi kuambiwa hivyo, na nyama yenyewe hutoka ikiwa ngumu kidogo kwa sababu kipande kilikatwa kwa ajili ya moto wa haraka. Ndiyo maana ninapoulizwa na mtu wa kwetu achukue nini, humwelekeza kwenye vyakula visivyoulizwa swali hilo. "Pot-au-feu" ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi pamoja na karoti, vitunguu na mboga nyingine, supu yake pembeni. Mla mbuzi wa kuchemsha atajiona nyumbani. Na neno "tartare" likionekana karibu na "bœuf", ajue ni nyama mbichi ya kusagwa, ambayo mara nyingi hukalishwa kiini cha yai bichi juu yake. Haichomwi, wala haitachomwa ukiirudisha.

Kando ya nyama hiyo huenda ikawekwa "haricots verts", na hapo mkulima wetu angepaswa kutabasamu. Ni mishiri, yale maganda mabichi ya maharagwe tunayolimia soko la nje kwa maji ya kumwagilia, yanayochambuliwa kwa unene kabla ya kupakiwa: yasiyozidi milimita 6 huhesabiwa membamba sana, hadi milimita 9 ni membamba. Wakenya wengi wameyachuma na kuyapanga kwenye makreti bila kuyaona yakiwa yamepikwa kwa siagi na kuwekwa mezani. Kwenye matamshi yana mtego. Kwa kawaida "s" ya "les" huruka na kushika irabu inayofuata, lakini "haricots" haikubali. Husemwa le ariko, si lezariko, na mwalimu wa shule ya zamani akisikia la pili hukunja uso.

Kwa kuwa nimegusa matamshi, niseme jambo ambalo sijaliona kwenye vitabu vyetu vya shule. Mtoto wa Kikamba anakuja darasani na hazina ambayo mwenzake anayejua Kiswahili peke yake hana. Kikamba kina irabu saba. Sauti ya "ĩ" inayomalizia neno "mũtĩ" iko karibu sana na ile ya "thé" na "café", na "e" ya "nene" ndiyo ya "lait". Kitofauti hicho kinachowatoa jasho wengi, kati ya "é" na "è", yeye alikinyonya na maziwa ya mamake. Vivyo hivyo "ũ" humpa "eau". Anachokosa ni ile "u" ya "une", "du" na "menu". Dawa yake ni hii: tamka "i" ya Kiswahili, ushikilie ulimi pale pale, kisha uviringe midomo kama wa kupuliza moto. Pia asichezee "s" na "z". "Poisson" kwa "s" ni samaki, "poison" kwa "z" ni sumu, na agizo la pili halina mpishi.

Mhudumu hajamaliza. "Et comme boisson?" Na kinywaji? Hapa kuna jambo ambalo mgeni asiyelijua hulilipia. Ukisema maji tu, "de l'eau", utaulizwa "plate ou gazeuse?", ya kawaida au ya gesi, kisha utaletewa chupa ya kununua. Ukisema "une carafe d'eau, s'il vous plaît", karaf do, utaletewa jagi la maji ya bomba, safi, bila malipo. Ni haki ya kila anayekula, na tangu 2022 mikahawa ya Ufaransa inatakiwa kuandika wazi kwamba maji hayo yapo na ni ya bure. Mkate pia huja wenyewe, hauagizwi. Chai ndiyo itakayomhuzunisha mtu wa Kibwezi: "un thé" ni maji moto na kifuko cha majani, na hata ukiomba "thé au lait" maziwa huja pembeni, mara nyingi baridi. Chai ya kuchemshwa na maziwa kwenye sufuria moja haimo kwenye "carte" hiyo. "Un café" nacho ni kikombe kidogo cha kahawa nzito, chenye kunywewa kwa mafunda matatu.

Katikati ya mlo mhudumu akikuonyesha kikapu cha mkate na kuuliza "Encore du pain?", ukijibu "Merci" peke yake huenda akaondoka nacho, hasa ukiwa umetikisa kichwa, kama vile "asante" ya aliyeshiba hapa kwetu. Anayetaka aseme "Oui, volontiers". Na sahani zinapoondolewa huja swali lisilo katika kitabu chochote nilichofundishia: "Ça a été?" Linasikika saa-ete, kama neno moja. Maana yake ni: chakula kilikuwa sawa? Wanafunzi hulisikia kama kelele, wakatabasamu tu. Jibu linalotarajiwa ni "Oui, c'était très bon, merci." Ukiwa na malalamiko, wakati wake umepita. Yalipaswa kusemwa chakula kilipofika, kwa upole: "Excusez-moi, j'avais demandé bien cuit."

Nimetaja Ufaransa sana, na huenda msomaji akauliza ni nani Kibwezi anayekwenda Paris kula. Ni wachache. Lakini barabara inayopita mlangoni mwetu haiishii Nairobi. Inapanda hadi Malaba, inavuka Kampala, inashuka Kigali, Bujumbura, Goma na Bukavu. Vijana wa huku, madereva na utingo, hula katika miji hiyo. Kiswahili kitawatosha kwa mazungumzo mengi, Goma na Bukavu hasa, ila huko na Bujumbura karatasi ya vyakula na risiti mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Huko mambo kadhaa niliyoeleza hugeuka. "Brochette de chèvre" ya Kigali au Bujumbura ni mishikaki ya mbuzi, mbuzi mwenyewe, na ataiva. Pembeni kuna "frites", viazi vya kukaanga, au "bananes", ndizi. Bukavu ataletewa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na Bujumbura mukeke wa Ziwa Tanganyika, ambao kwa majina hayo hakuna mwalimu wa Paris atakayewatambua. Hata hesabu hubadilika. Mfaransa akisema 70 husema "soixante-dix", sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix". Katika nchi hizi zilizotawaliwa na Wabelgiji 70 ni "septante" na 90 ni "nonante". Kijana aliyefundishwa za Paris peke yake husikia bei akadhani ameambiwa kitu kingine, na bei ndipo mahali pabaya zaidi pa kukisia.

Fikiria basi utingo huyo Bujumbura jioni. "Bonsoir, madame." Anaulizwa wako wangapi. "Nous sommes deux." Anaona "brochettes" na hajui ni za nini: "Les brochettes, c'est quelle viande?" Ni nyama gani? Anajibiwa ni mbuzi au ng'ombe. "Je vais prendre deux brochettes de chèvre avec des frites, s'il vous plaît." Kinywaji? "De l'eau, s'il vous plaît", na huko achukue ya chupa iliyofungwa. Mwisho, "L'addition, s'il vous plaît", ladisyon. Akitajiwa bei asiielewe, "Vous pouvez l'écrire?", waweza kuiandika? Sentensi sita au saba, na mbili kati ya hizo ni maswali yake yeye. Hizo mbili ndizo zilizomlisha anachotaka na kumlipisha anachodaiwa.

Kwa walimu wenzangu wa Makueni na Kitui nina ombi. Mwanafunzi anapofanya zoezi la mkahawani, mnyang'anyeni karatasi ya mhudumu. Mhudumu awe mtu asiyekuwamo kwenye maandalizi, aulize atakavyo, aseme chakula kimekwisha, aulize nyama iive vipi, akosee agizo. Andikeni ubaoni "carte" ya hoteli ya hapa hapa. Muthokoi itaelezwa "maïs décortiqué aux haricots", ndengu "haricots mungo", na mwanafunzi awe ndiye anayemweleza mgeni Mfaransa aliyepotea njia ya kwenda Tsavo, "c'est du maïs, c'est très bon". Mpeni alama anapouliza swali zuri, kama mnavyompa anapojibu. Na kabla ya jina la chakula hata kimoja, wiki ya kwanza, mfundisheni "qu'est-ce que c'est?"